Mwanafunzi ameomba aongezewe alama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jibu la kukataa kwa heshima

Ukurasa huu nimewaandikia wahadhiri wasaidizi wanaofundisha uhasibu na masomo ya biashara hapa Moshi. Kila matokeo ya muhula yanapobandikwa, barua za maombi huanza kuingia, na wengi wenu huniuliza mambo yaleyale. Nimechagua kisa kimoja nikijibu nacho karibu maswali yote. Kisa chenyewe nimekiunda kutokana na maombi ya aina moja yanayojirudia, na tarakimu nimeziweka mwenyewe, ili asitambulike mwanafunzi yeyote.

Kisa chenyewe ni kipi?

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza amesoma Uhasibu wa Fedha. Kazi za muhula zina uzito wa 40 na mtihani wa mwisho 60. Kwenye kazi za muhula amepata 25. Mtihani ulisahihishwa juu ya 100, akapata 57, ambayo ikigeuzwa kuwa sehemu ya 60 ni 34.2. Jumla yake ni 59.2, na mfumo wa matokeo umeandika 59, yaani B. Kwa ngazi inayotumika katika vyuo vikuu vyetu vingi kwa shahada ya kwanza, B+ huanzia 60.

Tazameni jinsi alama zilivyokaribiana. Angepata 58 kwenye mtihani, sehemu yake ingekuwa 34.8 na jumla 59.8, na kwa kanuni ya kuzungusha tunayoitumia ingesomeka 60. Alama moja tu ndani ya kijitabu cha majibu inamtenga na B+. Mwanafunzi ameshapiga hesabu hiyo, na ameshaipata sehemu anayoamini kwamba alama hiyo aliistahili. Ameandika barua yenye adabu, imeanza na "Shikamoo Mwalimu", na hoja yake ina kichwa na miguu. Barua ya namna hii haijibiwi kwa mstari mmoja.

Anadai alama hiyo wapi hasa?

Swali la 3, lenye alama 20. Mfanyabiashara wa Kiboriloni alinunua gari la mizigo tarehe 1 Januari 2022 kwa shilingi 24,000,000. Uchakavu hukatwa asilimia 20 kwa mwaka kwa njia ya salio linalopungua. Mtahiniwa aandae taarifa ya faida na hasara ya mwaka ulioishia 31 Desemba 2024.

Njia hiyo inataka asilimia 20 ikatwe kwenye thamani iliyobaki kitabuni, wala si kwenye bei ya kununulia kila mwaka. Mwaka 2022 uchakavu ni 4,800,000, zinabaki 19,200,000. Mwaka 2023 ni 3,840,000, zinabaki 15,360,000. Kwa hiyo mwaka 2024, ambao ndio ulioulizwa, uchakavu ni 3,072,000.

Mwanafunzi aliandika mstari mmoja: 20% × 24,000,000 = 4,800,000, akaupeleka kwenye matumizi ya mwaka 2024. Hoja yake ni hii: "Mwalimu, 4,800,000 ni tarakimu sahihi ya mwaka wa kwanza kwa njia hiyohiyo ya salio linalopungua. Nilianza vizuri ila sikumalizia. Naomba alama moja ya kuanza."

Hoja hiyo si ya kubezwa. Tarakimu yenyewe ni kweli kwamba ndiyo ya mwaka wa kwanza. Ndiyo maana msahihishaji asiyeushika mwongozo wake vizuri huyumba hapa.

Mwongozo wa usahihishaji unasemaje juu ya sehemu hiyo?

Uchakavu una alama 4. Ya kwanza ni ya kuonyesha njia ya salio linalopungua, yaani kukata kwenye salio na si kwenye bei. Ya pili ni ya thamani ya kitabuni mwanzoni mwa 2024, 15,360,000. Ya tatu ni ya uchakavu wa mwaka, 3,072,000. Ya nne ni ya kuweka kiasi hicho, hata kama ni cha kukosea, mahali pake kwenye matumizi.

Mwanafunzi amepata ya nne tu. Ya kwanza hakuipata kwa sababu hesabu ya mwaka wa kwanza inafanana kabisa katika njia zote mbili: ukitumia salio linalopungua utapata 4,800,000, na ukikata kiasi sawa kila mwaka kwa asilimia 20 ya bei utapata 4,800,000 vilevile. Njia mbili hizi huachana mwaka wa pili. Mtahiniwa aliyeandika mstari mmoja na kuupeleka mwaka 2024 hajaonyesha ametumia njia ipi. Na kwa kuwa ameutoza mwaka wa tatu kiasi kilekile cha bei ya kununulia, alichokionyesha ni njia ya kiasi sawa. Angeandika hata "2022: 4,800,000, salio 19,200,000" kisha akakwama, alama ya kwanza ilikuwa yake.

Hiki ndicho kiini cha jibu lote. Mwanafunzi anaomba alama ya alichokuwa anakifahamu, wakati mwongozo unatoa alama ya kilichoandikwa.

Kwa nini basi faida halisi yake imepewa alama zote mbili, na tarakimu si sahihi?

Swali zuri, na sharti liingie kwenye barua ya jibu, kwa sababu linamwonyesha mwanafunzi kwamba mwongozo umemlinda pia. Kanuni tunayoifuata ni kwamba kosa moja huadhibiwa mara moja. Faida ghafi kwenye swali ilikuwa 18,500,000, pango 3,600,000 baada ya kutoa lililolipwa kabla, na mishahara 5,400,000. Kwa uchakavu sahihi faida halisi ni 6,428,000. Yeye amepata 4,700,000. Tofauti ni 1,728,000, ambayo ni tofauti ileile ya uchakavu, hakuna kosa jingine lililojificha. Kwa kuwa ametoa vizuri kutoka kwenye tarakimu zake mwenyewe, alama 2 za faida halisi amezipata kamili.

Kanuni hiyo ina mipaka, na wahadhiri wapya hujikwaa hapa. Haifanyi kazi pale kosa linapoirahisisha kazi. Mwanafunzi wetu, kwa kutumia njia ya kiasi sawa, ameruka hesabu ya salio la mwaka 2022 na 2023. Hatuwezi kumpa alama za hatua ambazo kosa lake limemwondolea. Haifanyi kazi pia pale tarakimu inapotokea bila hesabu iliyoonekana, kwa maana hatujui imefuata nini.

Kabla sijajibu, nikague nini?

Chukueni kijitabu chenyewe kutoka idarani, msijibu kwa kuangalia karatasi ya matokeo. Fungueni kila ukurasa muone kama kuna jibu lisilo na vema wala mkasi, hasa kurasa za nyuma, ambako wanafunzi humalizia swali walilolianza mbele. Hakikisheni alama za ndani zimehamishwa sawasawa kwenda kwenye jalada. Jumlisheni upya. Pigeni tena hesabu ya kugeuza 57 kuwa 34.2. Mwisho angalieni kama zile 25 za kazi za muhula ndizo zilizoingizwa kwenye mfumo.

Kwa mwanafunzi wetu swali la 3 linasimama hivi: faida ghafi 6 kati ya 6, pango 3 kati ya 3, mishahara 2 kati ya 2, uchakavu 1 kati ya 4, faida halisi 2 kati ya 2, kichwa na mpangilio 2 kati ya 3. Jumla 16. Ile alama ya kichwa ilipotea kwa sababu aliandika "tarehe 31 Desemba 2024" badala ya "kwa mwaka ulioishia 31 Desemba 2024". Taarifa ya faida na hasara ni ya kipindi, mizania ndiyo ya siku moja.

Kisha fanyeni kazi ambayo wengi huiruka: tafuteni vijitabu vingine vyenye kosa hilohilo la uchakavu, mlinganishe. Kama wenzake walioandika mstari uleule wamepata 1, msimamo wenu una mguu. Kama kuna aliyepewa 2, hapo tatizo ni la usahihishaji wote na linapelekwa kwa mkuu wa idara, ili vijitabu vyote vyenye kosa hilo vipitiwe, siyo cha aliyelalamika peke yake.

Nikikuta kosa la kujumlisha je?

Linarekebishwa, hata kama ni nusu alama na hata kama halibadilishi daraja. Hilo ni haki yake, halihitaji kuombewa. Lakini mhadhiri habadilishi peke yake kwenye mfumo: unajaza fomu ya marekebisho, unaambatanisha nakala ya ukurasa husika, mkuu wa idara anasaini, na ofisi ya mitihani inaingiza.

Jibu lenyewe linaandikwaje?

Hivi ndivyo ningemjibu mwanafunzi huyu. Ninaiweka barua nzima kwa sababu mpangilio wake una maana: salamu, uamuzi mapema, kilichokaguliwa, sababu, kilicho sahihi katika hoja yake, na njia iliyobaki wazi.

> YAH: OMBI LAKO LA KUPITIA UPYA ALAMA ZA SWALI LA 3
>
> Ndugu mwanafunzi,
>
> Marahaba. Nimepokea barua yako na nimeisoma yote. Nashukuru kwamba umetaja swali na mstari unaoulalamikia, imenirahisishia kukukagulia.
>
> Nimekipitia tena kijitabu chako na alama zako zitabaki 57 kwenye mtihani na 59 kwa jumla. Nakueleza hapa chini nilivyofikia uamuzi huo.
>
> Nimekagua kurasa zote. Hakuna jibu lililoachwa bila kusahihishwa. Nimejumlisha upya na kulinganisha na jalada na mfumo, vyote vinakubaliana.
>
> Kuhusu uchakavu, uko sahihi kwamba 4,800,000 ni uchakavu wa mwaka 2022. Swali liliuliza mwaka 2024. Alama unayoiomba hutolewa kwa mtahiniwa aliyeonyesha kwamba uchakavu unakatwa kwenye salio lililobaki. Kwenye kijitabu chako kiasi cha 4,800,000 kimetozwa mwaka 2024 na hakuna salio lililoandikwa. Mstari huo peke yake ungeandikwa pia na mtu anayekata kiasi sawa kila mwaka, kwa hiyo siwezi kuutambua kama njia iliyoulizwa. Wenzako walioandika hivyohivyo wamepata alama sawa na yako.
>
> Alama ya kuweka uchakavu kwenye matumizi umeipata. Alama 2 za faida halisi pia umezipata, ingawa 4,700,000 si jibu la mwisho, kwa sababu ulitoa sawasawa kutoka kwenye tarakimu zako.
>
> Najua alama hii moja ndiyo inayokutenga na B+, na naelewa uzito wake kwako. Ukaribu huo hauwezi kuwa sababu ya kuitoa, maana hauongezi chochote kwenye kilichoandikwa.
>
> Ukiona uamuzi huu haukutendei haki, unayo nafasi ya kukata rufaa kwa maandishi kupitia ofisi ya mitihani. Muda wa mwisho na ada vimo kwenye kanuni za mitihani. Ukikata rufaa sitakuchukulia vibaya. Nitakuwepo ofisini siku za kuonana na wanafunzi ukitaka tuutazame ukurasa huo pamoja na mwongozo.
>
> Wako katika kazi,
> Mhadhiri wa somo

Kuna maneno ya kuepuka?

Yapo, na baadhi yanaonekana ya upole. La kwanza ni "ningependa kukusaidia lakini mfumo umeshafungwa". Hilo linamwambia kwamba alistahili, ila amechelewa. Mwanafunzi atatoka hapo aende kumtafuta mwenye ufunguo wa mfumo. Kama sababu ni kilichoandikwa kwenye kijitabu, semeni hivyo.

La pili ni "muhula ujao jitahidi zaidi". Hakuuliza kuhusu juhudi. Aliuliza kuhusu mstari mmoja wa hesabu, na kumjibu kwa nasaha ni kukwepa swali lake.

La tatu ni kumtaja mwenzake kwa jina, au kwa dalili zinazomtambulisha. "Wenzako walioandika hivyohivyo" inatosha. Kijitabu cha mtu mwingine hakionyeshwi hata akisisitiza.

Na kuna "samahani" isiyo na sababu. Kuomba radhi pale usahihishaji uko sahihi kunamfanya aamini kuna dhuluma iliyotendeka. Kutambua uzito wa jambo kwake kunatosha.

Alama moja tu, tena kwa mwanafunzi mwenye bidii. Kuna ubaya gani?

Tupige hesabu. Somo likiwa na krediti 12 katika mwaka wa krediti 120, kutoka B yenye pointi 3 kwenda B+ yenye pointi 4 kunapandisha wastani wa mwaka kwa 0.1. Kwa shahada ya miaka mitatu yenye krediti 360 ni kama 0.03. Ni kidogo, lakini kuna wanafunzi ambao kiasi hicho huwavusha kutoka daraja la pili la chini kwenda la juu, na ajira nyingi hutangazwa kwa kigezo hicho. Sasa mfikirieni aliyeandika mstari uleule, akapata 59 ileile, lakini akanyamaza kwa sababu ni mwoga au hakujua kwamba inawezekana kuuliza. Ukimwongeza aliyeandika barua, umemshusha aliyenyamaza. Mimi sioni namna ya kulihalalisha hilo, hata kwa mwanafunzi ninayempenda.

Na kama alama ni 39, siyo 59?

Hapo moyo unauma zaidi, maana 39 ni D na inamaanisha kusapu. Ukaguzi ni uleule, na ni vizuri ukafanywa na watu wawili. Lakini mlango wa anayekosa kidogo kufaulu upo tayari kwenye kanuni, nao ni mtihani wa marudio. Barua ya jibu imweleze tarehe na sehemu za somo alizoanguka, ili ajue pa kuanzia kusoma.

Mzazi amekuja ofisini. Nimweleze?

Hutokea sana kwetu. Mama anashuka kutoka Kibosho na mkungu wa ndizi, anasema amekuja kumsalimia mwalimu wa mwanawe. Msalimuni kwa heshima zote, mpeni kiti. Lakini mwanafunzi ni mtu mzima, na matokeo yake ni taarifa zake binafsi; tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. "Mama, nakuheshimu sana, ila matokeo haya nitayazungumza naye mwenyewe, au mkija pamoja kwa ridhaa yake." Mkungu urudi nao. Najua inavyokuwa vigumu kumrudishia mama wa watu ndizi alizobeba, lakini zikibaki ofisini wakati ombi la mwanaye lipo mezani, hakuna barua itakayowasafisha.

Jibu liwe kwa maandishi kweli? Kumpigia simu si haraka zaidi?

Kwa maandishi, kwa barua pepe ya chuo au barua iliyopita masjala, nakala kwa mkuu wa idara. Simu na Wasapu haviachi kumbukumbu ya vigezo, na mazungumzo ya alama usiku kwenye simu yanamweka kila mmoja pabaya. Akitaka kuonana, iwe ofisini, saa za kazi, mlango wazi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inamtaja mwenye mamlaka anayedai ngono au upendeleo mwingine kama sharti la kutoa haki. Mwanafunzi wa kike anayekuja kuuliza alama anastahili kukuta mazingira ambayo hofu hiyo haina nafasi.

Masomo ya insha, yasiyo na tarakimu, yanajibiwaje?

Kwa njia ileile, ila badala ya mstari wa hesabu mnanukuu kigezo na sentensi yake mwenyewe. Mfano, kigezo kinataka hoja iungwe mkono na ushahidi. Mwonyesheni aya aliyotoa dai bila ushahidi. Neno "dhaifu" peke yake si maelezo.

Amekata rufaa, na msahihishaji wa pili ametoa alama tofauti. Inakuwaje?

Msahihishaji wa pili hupewa kijitabu na mwongozo uleule. Ndiyo sababu nasisitiza mwongozo uandikwe kwa kina kabla ya mtihani: "uchakavu, alama 4" bila mgawanyo itawapeleka watu wawili waaminifu kwenye alama mbili tofauti. Akisoma tofauti na wewe, mpeni mkuu wa idara maelezo yenu kwa maandishi, halafu bodi ya mitihani iamue. Someni pia kanuni za chuo chenu kama alama inaweza kushuka baada ya rufaa, na mwanafunzi aelezwe hilo kabla hajalipa ada. Uamuzi ukitoka, ingizeni alama iliyoamuliwa, na kama mgawanyo wa alama ndio uliokuwa na utata, urekebisheni kwenye mwongozo wa mtihani unaofuata.